Asilimia ya vibovu na PPM kwenye bechi

> Wakuu, bechi ya vizibo 24,000, vibovu 18. Kastoma anataka PPM, mi nina asilimia tu. Nabadilishaje?

Mkuu, gawa 18 kwa 24,000 unapata 0.00075. Zidisha kwa 100 ni asilimia 0.075, zidisha kwa milioni ni PPM 750, yaani vibovu 750 kwa kila vizibo milioni, kwa hiyo kutoka asilimia kwenda PPM unazidisha kwa 10,000 basi. Kastoma anaipenda PPM sababu 0.075 na 0.05 kwenye ripoti zinafanana sana, ila 750 na 500 unaona tofauti hapo hapo, na kama mkataba wenu unasema mwisho 500 basi bechi hiyo imezidi, mlitakiwa msivuke vibovu 12.

Sasa wengi wanakosea hapa: hivyo 18 mmevipata kwa kukagua vyote au sampo tu? Unagawa kwa vilivyokaguliwa, sio kwa bechi nzima. Kama mlikagua 2,000 mkapata 18 hiyo ni PPM 9,000, mambo mengine kabisa. Halafu kizibo chenye ufa na kimepinda pia, kihesabu kimoja, PPM ya vibovu inahesabu vizibo sio makosa.

Na tafadhali, ukikagua 200 usipate kibovu hata kimoja usiandike PPM 0. Chukua 3 gawa kwa idadi uliyokagua, hapa 200, ni asilimia 1.5, kwa hiyo kwa uhakika wa asilimia 95 unachoweza kusema ni kwamba haizidi kama PPM 15,000. Ukitaka kusema iko chini ya 500 kwa sampo safi, inabidi ukague kama vizibo 6,000.