Stori ya video ya kuchagua: chora ramani kwanza, kamera baadaye

Mkitaka kutengeneza stori ya YouTube ambayo mtazamaji anachagua mwenyewe kinachofuata, msianze na skripti, anzeni na kuchora ramani ya njia zote na kuhesabu sini, maana hapo ndo bajeti inapokufa.

Chukua mfano huu. Dereva bajaji anaokota bahasha ya hela kwenye siti ya nyuma. Chaguo la kwanza: aipeleke ofisi ya serikali ya mtaa au aifiche chini ya siti. Jioni nyumbani mkewe anamuuliza mbona kachelewa, chaguo la pili: amwambie au anyamaze. Halafu simu inaita, namba ngeni, chaguo la tatu: apokee au asipokee, kisha mwisho. Ukiacha kila njia iende kivyake unashuti sini 21: kuokota bahasha 1, ofisini na kuficha 2, jioni 2, mke 4, simu 4, na miisho peke yake ni 8!

Sasa kunja njia. Sini ya jioni shuti moja tu, itumike kwa wote. Mke kuambiwa moja, kunyamaziwa moja, simu kuita moja. Miisho iwe 4, inayotegemea bahasha na simu tu. Unabaki na sini 11 za kushuti.

Ila sini ya pamoja inabidi iwe kweli kwa kila njia inayoingia humo, na hapa ndo watu wengi wanaharibu. Jamaa akimwambia mkewe "ile hela nimeificha", aliyechagua kuipeleka ofisini anaona stori imemsahau. Kwahiyo aseme tu "mke wangu, leo nimeokota hela kwenye bajaji", simu iite hajamaliza. Mfuko wa shati uwe mtupu, shati lilelile. Mimi huwa nasoma skripti kwa sauti njia moja moja mwanzo mpaka mwisho, sentensi ikiwa uongo kwenye njia moja naikata hapohapo.

Kingine, YouTube haikumbuki mtazamaji alichagua nini huko nyuma. Kwahiyo wakati wa kuediti ile sini ya jioni unaibandika mara mbili, nyuma ya sini ya ofisini na nyuma ya ile ya kuficha, unapata video mbili zenye linki tofauti. Vilevile zile za mke na simu, zinatoka video nne, kila moja na njia yake.

Vitufe vya kuchagua unaviweka kwenye End screen, ambayo inakaa sekunde 5 mpaka 20 za mwisho na video yenyewe isipungue sekunde 25. Sasa hiyo mikia lazima ishutiwe, usije ukaikosa: mwache jamaa aitazame simu kama sekunde 15 bila kuongea, akae katikati ya fremu ili vitufe vikae pembeni visimzibe uso. Kuaplodi anza na miisho urudi nyuma, maana huwezi kulinki video ambayo haijapanda.

Na ratiba ya kushuti fuata lokesheni, siyo stori. Sini zote za nyumbani usiku mmoja, mkiwa na ile ramani ukutani mnatiki.