Usiguse Ctrl+H kabla hujajua kila namba imetoka wapi

"Wakuu, nina jedwali la ripoti kwenye Excel. Nusu nimenakili kutoka faili za soko la Kibaigwa, nusu kutoka PDF ya wenzetu wa Burundi iliyoandikwa Kifaransa. Wao desimali wanaweka koma, sisi nukta, na tarehe nazo vurugu tupu. Nimeambiwa nibonyeze Ctrl+H nibadilishe koma zote ziwe nukta. Itafaa?"

Usibonyeze! Kama umeshabonyeza, funga faili bila kuhifadhi, kisha endelea kusoma.

Ushauri huo huo tulipewa ukumbini hapa hapa Dodoma, na mkufunzi aliyelipwa kuja kutufundisha. Alifungua jedwali lake alilolitayarisha nyumbani, namba zote za aina moja, akabonyeza Ctrl+H, koma zikawa nukta, watu wakapiga makofi. Hakutuonyesha jedwali lililochanganyika hata moja, wala hakuuliza data zetu zinatoka wapi. Tukarudi ofisini tukafanya alivyosema, ripoti ikachapwa, ikajalidiwa, ikagawiwa. Kwenye kikao mjumbe mmoja akauliza: shehena nne za mtama zinafikaje tani elfu sita na mia tano? Hakuna aliyekuwa na jibu. Nakala zikakusanywa zote na kazi ikaanza upya kwenye PDF, mstari kwa mstari. Hasira ile bado ninayo, kwa sababu naona somo lile linaendelea kuzunguka, na leo limekufikia wewe.

Tuzichukue shehena zile nne uone yanavyotokea. Kwenye PDF ya Kifaransa ziliandikwa hivi, kwa tani: 2,375 kisha 18,5 kisha 1.204,60 kisha 4,120. Kwa wenzetu koma ni desimali na nukta inatenga maelfu, kwa hiyo jumla halisi ni tani 1,229.595, na karibu yote ni shehena ile ya tatu.

Sasa zibandike kwenye Excel ya kompyuta iliyopangwa Kiingereza, kama zilivyo nyingi ofisini kwetu. Excel inaiona 2,375, inahesabu tarakimu tatu baada ya koma, inaamua hiyo ni elfu mbili mia tatu sabini na tano. Inafanya hivyo hivyo kwa 4,120. Haikuulizi wala haikuonyeshi alama yoyote. Mbaya zaidi, kwenye skrini bado unasoma 2,375 vile vile kama ilivyo kwenye PDF, maana Excel imeipamba kwa koma ya maelfu. Ukibofya seli hiyo na kutazama upau wa fomula juu, ndipo unaikuta 2375 bila koma. Hizi mbili nyingine, 18,5 na 1.204,60, inashindwa kuzielewa, inaziacha kama maandishi, na zinaegemea kushoto mwa seli.

Kumbe madhara yameshaingia kabla hujabonyeza kitu. Ukijumlisha hapo kwa SUM unapata 6,495, kwa sababu SUM inaruka maandishi.

Halafu ndiyo unakuja na Ctrl+H yako. 18,5 inakuwa 18.5, safi, unafurahi. 1.204,60 inakuwa 1.204.60, ambayo si namba kwa lugha yoyote, inabaki maandishi na haihesabiwi. Na zile mbili zilizoharibika haziguswi kabisa, kwa sababu ndani ya seli hakuna koma ya kubadilisha. Jumla inatoka 6,513.5. Shehena kubwa kuliko zote imepotea, mbili ndogo zimekuzwa mara elfu, na jumla inaonekana ya kawaida tu. Hiyo ndiyo iliyochapwa.

Upande wa Kibaigwa nako hakupo salama. Kama bei zako za gunia zimeingia kama maandishi, 45,000 itageuka 45.000, na Excel itaisoma arobaini na tano. Gunia la mahindi kwa shilingi arobaini na tano! Hiyo angalau utaishtukia. Kilo 1,250 zikigeuka 1.25 katikati ya mistari mia nne, hutaishtukia.

Na usidhani utarudi nyuma baadaye kwa kugawa kwa elfu. Ukiiona 2375 kwenye seli, huwezi tena kujua kama kwenye karatasi iliandikwa 2,375 au iliandikwa 2375 tupu bila alama yoyote, kwa sababu Excel imezifanya kitu kimoja. Ukizigawa zote, zile zilizokuwa sahihi unaziharibu. Dawa pekee ni kurudi kwenye chanzo, na kama PDF uliifuta, pole.

Kanuni ninayoishikilia mimi, na ndiyo ninayotaka uishike, ni hii: namba iingie kama maandishi, iandikiwe imetoka wapi, ndipo igeuzwe kulingana na ilikotoka. Katika mpangilio huo huo, bila kuruka.

Fungua karatasi mpya tupu. Chagua safuwima utakazobandikia, bonyeza Ctrl+1, chagua Text. Sasa nakili kwenye PDF, rudi Excel, bonyeza Ctrl+Alt+V na uchague Text, siyo kubandika kwa Ctrl+V ya kawaida, kwa sababu Ctrl+V inaweza kuja na mpangilio wake na kufuta ule uliouweka. Ukifanya sawasawa, kila kitu kitaegemea kushoto na 2,375 itabaki 2,375 hata kwenye upau wa fomula. Ikiegemea kulia hata moja, futa na uanze tena.

Kisha safuwima A iwe ya chanzo. Mistari ya Burundi andika BI, ya Kibaigwa andika TZ. Hii ndiyo kazi ambayo watu wanaiona ya kitoto wanairuka, na ndiyo kompyuta haiwezi kukufanyia, kwa sababu hakuna kitu ndani ya 2,375 kinachosema kama ni tani mbili na ushee au ni tani elfu mbili na ushee. Anayejua ni wewe uliyeishika karatasi.

Baada ya hapo, kama namba ziko safuwima C, nenda safuwima D, hakikisha hiyo iko General (ikiwa Text fomula itakaa kama maneno), na uandike:

```
=IF(TRIM(C2)="","",IF(A2="BI",NUMBERVALUE(C2,",","."),NUMBERVALUE(C2,".",",")))
```

NUMBERVALUE ipo tangu Excel 2013. Unaiambia mwenyewe alama ipi ni desimali na ipi ni ya maelfu, na haijali kompyuta yako imepangwaje. Ile IF ya mwanzo usiitoe. NUMBERVALUE ikikuta seli tupu inarudisha 0, na siku ambayo soko halikupimwa itageuka siku ambayo hakuna kilichouzwa. Kama kompyuta yako yenyewe imepangwa kwa koma ya desimali, koma zinazotenganisha sehemu za fomula ziandike kwa nukta-mkato. Zile zilizo ndani ya alama za kunukuu ziache.

Ninachoipendea ni kwamba inalalamika. Ukiwa umeandika BI kwenye mstari ulio na 1,250.75, itarudisha #VALUE!, kwa kuwa alama ya maelfu haiwezi kuja baada ya desimali. Hapo unajua mstari umepewa chanzo kisicho chake. Nyingine itakayokupa #VALUE! ni nafasi za Kifaransa, maana wengine huandika 1 204,60 na ile nafasi si ya kawaida ingawa macho hayaoni tofauti. Zisafishe kwanza kwenye safuwima tupu, mfano E, kisha fomula ya juu isome E2 badala ya C2:

```
=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(C2,CHAR(160),""),UNICHAR(8239),"")
```

Ukimaliza linganisha =COUNT(D2:D400) na =COUNTA(C2:C400). Zisipolingana, kuna namba iliyobaki nje, itafute kabla hujajumlisha chochote.

Tarehe ni ugonjwa ule ule. Sisi na Burundi wote tunaanza na siku, lakini kompyuta iliyopangwa English (United States) inaanza na mwezi. 03/06/2023, yaani tarehe 3 Juni wakati wa mavuno, inasomwa 6 Machi, wakati ghala za wengi huku kwetu zimeshapungua. Bei ya mavuno inahamia kwenye njaa, na grafu inasema kinyume cha soko. 25/06/2023 haina mwezi wa 25, kwa hiyo inabaki maandishi na haitambuliki kama tarehe. Siku ya 1 hadi ya 12 ya kila mwezi inapinduka, isipokuwa pale siku na mwezi vinapofanana. Kuanzia 13 inabaki maandishi.

Dalili yake ni rahisi ukiijua. Panga tarehe kwa mfuatano. Kama data zako ni za Machi hadi Juni na umekuta Desemba, zimepinduliwa. Ukibandika kama maandishi tangu mwanzo hili halikupati, na unaigeuza hivi, mradi siku na mwezi vimeandikwa tarakimu mbili mbili:

```
=DATE(RIGHT(B2,4),MID(B2,4,2),LEFT(B2,2))
```

Wale walioandika 3/6/2023 bila sifuri, tumia Text to Columns kwenye menyu ya Data, hatua ya tatu chagua Date: DMY. Mwishoni zipe zote mwonekano wa yyyy-mm-dd kwa Ctrl+1, Custom. Ukiona 2023-06-03 hakuna atakayebishana kama ni Juni au Machi, awe Kongwa au Bujumbura.

Kama tayari umebandika vibaya na bado hujahifadhi juu ya faili la zamani, bandika hapa mistari kumi ya kwanza ya ile PDF na ya faili za Kibaigwa jinsi ilivyo, usirekebishe kitu, na uandike mbele ya kila mstari ni BI au TZ. Nitaipitia usiku huu.