Maswali na majibu: Ukijigeuza kitandani, chumba kinazunguka

Dokta, nikilalia kulia chumba kinazunguka kama pia, baada ya nusu dakika kinatulia. Ni presha?

Kila wiki presha! Presha haijui umelalia upande gani. Ikishuka utaona giza ukisimama, si ukijigeuza ndani ya shuka. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo sana za chokaa. Zikibanduka zinaweza kuingia kwenye mfereji unaohisi mzunguko wa kichwa, na ukijigeuza zinateremka na kuyasukuma maji yaliyomo. Ubongo unadhani unazungushwa. Zikitua, kwa kawaida kabla ya dakika kuisha, chumba nacho kinatulia.

Mwezi wa pili huu nameza vidonge vya kizunguzungu. Mbona bado?

Kidonge hakiondoi chembe mferejini. Kinatuliza kichefuchefu tu, na mzee akikizoea anapepesuka usiku akienda msalani. Acha kujiongezea dozi dukani.

Mimi ni fundi rangi. Nikitazama dari, au nikilalia kushoto, nazunguka. Kulia hakuna shida. Nifanyeje?

Kwanza shuka ngazini mpaka upone. Maelezo yako yanaonyesha sikio la kushoto, lakini daktari akupime mara moja ahakikishe. Lipo zoezi la kuzitoa chembe mferejini, lakini kama shingo ina ugonjwa au imewahi kuumia, usilifanye mwenyewe.

Keti kitandani miguu imenyooka, mto nyuma yako utakapoangukia mabega. Geuza uso kushoto, nusu ya njia ya kuelekea begani, kisha lala chali haraka, mabega juu ya mto na kichwa kikining'inia kidogo nyuma. Kizunguzungu kitakuja. Vumilia, maana hapo ndipo watu wengi hukurupuka na kuharibu kazi. Kikiisha, hesabu sekunde 30. Bila kuinua kichwa, geuza uso mpaka utazame kulia kwa kiasi kilekile, ukae sekunde 30 tena. Sasa lalia ubavu wa kulia, uso ukitazama sakafu, sekunde 30 nyingine. Mwisho teremsha miguu upande huohuo, uinuke polepole, kidevu chini. Uwe na mtu karibu, kwani unaweza kuyumba.

Rudia hadi mara tatu kwa siku, mpaka upitishe saa 24 bila kizunguzungu. Nimeona wanaopona siku ya kwanza na wanaohitaji wiki nzima. Ukiona unazunguka ukilalia kulia na kushoto pia, mfereji huenda ni mwingine na zoezi hili si lako.

Baba kaamka na kizunguzungu, tangu alfajiri hakijaisha, hawezi kutembea na maneno yanamtoka kwa shida. Tumfanyie zoezi?

Hapana! Hiyo inaweza kuwa kiharusi. Hata asingekuwa na shida ya kusema, kuona viwili viwili, kufa ganzi upande mmoja au kushindwa kusimama kungetosha kumkimbiza. Usisubiri jibu la gazetini, mpeleke hospitali sasa hivi, na uwaambie saa ya mwisho mlipomwona mzima.