Kanuni kuu ya milinganyo ya kujirudia: kesi zote tatu kwa mifano, na pale inapokataa

Swali: Wakuu, nina T(n) = 2T(n/2) + n log n. Nimesema ni kesi ya 3 kwa sababu n log n ni kubwa kuliko n, nikajibu Θ(n log n). Limekatwa. Hizi kesi tatu nimezikariri tu, sijui zinatoka wapi. Mwenye kuzielewa anifafanulie kwa mifano.

Jibu:

Mkuu, kosa lako liko kwenye neno "kubwa". Kanuni haitaki f(n) iwe kubwa tu, inataka izidi kwa kipeo cha n. Tofauti hiyo haionekani ukikariri kesi, ila inaonekana mara moja ukichora mti. Kwa hiyo tuuchore kwanza.

Umbo la mlinganyo ni T(n) = aT(n/b) + f(n). Tatizo la ukubwa n linazaa matatizo madogo a, kila moja lina ukubwa n/b, na f(n) ni kazi ya kugawa na kuunganisha nje ya hayo matatizo madogo. Juu kabisa kuna shina lenye kazi f(n). Ngazi inayofuata ina matawi a, kila moja na kazi f(n/b). Ukishuka hadi ngazi ya i kuna matawi aⁱ, kila moja na kazi f(n/bⁱ). Unafika chini n ikishakatwa hadi 1, yaani baada ya ngazi log_b n. Hapo chini idadi ya majani ni a mara a mara a, log_b n mara, na hiyo ni sawa na n^(log_b a).

Basi kanuni nzima ni ugomvi wa shina na majani. Shina lina kazi f(n), majani yana n^(log_b a), na tunauliza nani anabeba mzigo. Mzigo ukiongezeka kwa uwiano ule ule kila unaposhuka ngazi, majani yanameza kila kitu, na hiyo ni kesi ya 1. Kila ngazi ikibeba mzigo sawa, unazidisha mzigo wa ngazi moja kwa idadi ya ngazi, na ndipo ile log ya kesi ya 2 inapotoka. Mzigo ukipungua kwa uwiano kila unaposhuka, shina peke yake linatosha kuwa jibu, na hiyo ni kesi ya 3.

Kabla ya mifano, angalia log yenyewe. Wengi wanageuza na kuandika log_a b. Kumbuka ni logi ya idadi ya matawi, kwa kizio cha mkato. Kwenye kikokotoo ni log a ÷ log b. Kwa a = 3 na b = 2 ni 0.4771 ÷ 0.3010, sawa na 1.585.

Kesi ya 1: kuzidisha namba ndefu kwa njia ya Karatsuba

Ukizidisha namba mbili za tarakimu n kwa njia ya shuleni, unafanya mazidisho n². Mwaka 1960 Anatoly Karatsuba, akiwa Moscow, alionyesha kwamba ukizikata namba nusu unahitaji mazidisho matatu badala ya manne. Chukua 47 × 32. Unazidisha 4×3 = 12, kisha 7×2 = 14, kisha (4+7)×(3+2) = 55. Sehemu ya katikati ni 55 − 12 − 14 = 29. Unapanga: 1200 + 290 + 14 = 1504. Kujumlisha na kutoa ni kazi ya n tu, kwa hiyo:

```
T(n) = 3T(n/2) + n
```

Majani ni n^1.585 na shina ni n. Majani yanazidi kwa n^0.585, na hicho ndicho kipeo ambacho vitabu huita epsiloni. Jibu ni Θ(n^1.585).

Jaribu na n = 1024 uone ukweli wake, ukichukua T(1) = 1. Shina lina kazi 1024. Kila ngazi ni mara 1.5 ya iliyo juu yake, na chini kuna majani 3¹⁰ = 59,049. Jumla ya mti wote ni 175,099, karibu mara tatu ya majani. Hiyo "mara tatu" haibadiliki hata n ikue kiasi gani, ndiyo maana Θ inaitupa. Ungebaki na mazidisho manne, majani peke yake yangekuwa 4¹⁰ = 1,048,576, yaani n² ile ile ya shuleni. Kugawa peke yake hakukuokoa chochote. Kilichookoa ni kupunguza a kutoka 4 hadi 3.

Kesi ya 2: kupanga orodha kwa kuunganisha

Unakata orodha nusu, unapanga kila nusu, unaziunganisha kwa kupita mara moja: T(n) = 2T(n/2) + n. Majani ni n^(log_2 2) = n, shina ni n. Sare. Kwa n = 1024, ngazi ya pili ina orodha mbili za 512, ya tatu nne za 256, kila ngazi inajumlika 1024. Ngazi ziko 11 ukihesabu shina na majani, jumla 11,264. Jibu ni Θ(n log n). Hapa kizio cha log hakina maana, kwa sababu kukibadilisha ni kuzidisha kwa namba isiyobadilika. Kizio kina maana pale tu log ikiwa juu kwenye kipeo.

Kesi ya 3: utafutaji wa kukata nusu ulioandikwa vibaya

Kutafuta kwenye orodha iliyopangwa, kwa kukata nusu kila mara, ni T(n) = T(n/2) + 1. Majani ni n⁰ = 1, shina ni 1, sare tena, jibu Θ(log n). Sasa tazama hii:

```python
def tafuta(a, x):
    if not a:
        return False
    k = len(a) // 2
    if a[k] == x:
        return True
    if x < a[k]:
        return tafuta(a[:k], x)
    return tafuta(a[k+1:], x)
```

Majibu yake ni sahihi, na mtu ataapa kwamba ni log n. Lakini `a[:k]` kwenye Python inanakili vipengele vyote k kwenye orodha mpya. Kwa hiyo f(n) siyo 1, ni Θ(n), na mlinganyo halisi ni T(n) = T(n/2) + n. Majani bado ni 1, shina ni n, linazidi kwa n¹. Kwa n = 1024 na x isiyokuwemo, unanakili kama 512, kisha 256, kisha 128, jumla karibu 1,000. Jibu ni Θ(n), sawa na kupekua orodha kipengele kimoja kimoja toka mwanzo. Dawa ni kupitisha namba mbili za mipaka, chini na juu, badala ya kipande cha orodha.

Kesi ya 3 ina sharti la ziada ambalo watu hulisahau kwenye mtihani: lazima a·f(n/b) ≤ c·f(n) kwa c fulani iliyo chini ya 1, n ikiwa kubwa vya kutosha. Maana yake ni kwamba mzigo upungue kweli kila unaposhuka. Hapa 1·(n/2) = ½·n, kwa hiyo c = ½ inatosha. Kama f(n) ni n^d na d imezidi log_b a, sharti linatimia lenyewe, maana uwiano ni a/b^d na huo uko chini ya 1. Linaweza kuvunjika kwa fankshen zinazopanda na kushuka, mfano n(2 − cos n), ambazo utakutana nazo kwenye maswali ya mitego kuliko kwenye programu. Liandike tu, alama yake ipo.

Sasa swali lako

T(n) = 2T(n/2) + n log n. Majani ni n, shina ni n log n. Gawanya shina kwa majani: unabaki na log n. Ili iwe kesi ya 3, log n ingepaswa kuwa angalau n^ε kwa ε fulani iliyo juu ya 0. Haiwezi. Hata ε = 0.1 inaishinda, ingawa inachelewa: kwa n = 2¹⁰, n^0.1 ni 2 tu na log n ni 10, lakini kwa n = 2¹⁰⁰, n^0.1 ni 1024 na log n ni 100. Ndiyo maana kujaribu na namba ndogo kunadanganya hapa. Sharti la kushuka nalo linagoma: 2·(n/2)·log(n/2) = n(log n − 1), na uwiano wake kwa n log n unakaribia 1, hakuna c ya kuushika.

Kwa hiyo uko kwenye pengo kati ya kesi ya 2 na ya 3. Rudi kwenye mti. Ngazi ya i ina mzigo n(log n − i). Kwa n = 1024, ngazi zinabeba 10n, 9n, 8n, hadi n. Mzigo unapungua, ila kwa kutoa n kila ngazi, siyo kwa kugawanya. Jumla ni 55n, yaani nusu ya n·log n·(log n + 1). Jibu ni Θ(n log² n).

Vitabu vingine vinaipanua kesi ya 2 ili ilimeze pengo hili: f(n) ikiwa Θ(n^(log_b a) · logᵏ n), na k ni 0 au zaidi, jibu ni Θ(n^(log_b a) · logᵏ⁺¹ n). Yako ina k = 1. Kama mwalimu wako hajafundisha upanuzi huo, onyesha mti, hawezi kukata. Ila usiusukume kwa k hasi bila kufikiri. T(n) = 2T(n/2) + n/log n ina ngazi n/10, n/9, n/8 na kuendelea, na jumla hiyo ni Θ(n log log n), siyo Θ(n).

Mti unakutoa hata pale ambapo kanuni haina la kusema kabisa. T(n) = T(n/3) + T(2n/3) + n haina b moja, kwa hiyo usiilazimishe. Lakini ngazi za juu zote zinajumlika n kamili, hadi tawi fupi linapoisha kwenye ngazi log₃ n. Baada ya hapo kila ngazi haizidi n, hadi tawi refu linapoisha kwenye log n kwa kizio 3/2. Idadi ya ngazi imebanwa pande zote mbili na log n, na jibu ni Θ(n log n).