Dodoso likirudi Kiingereza limenyooka sana, likague tena

Jamani wanaotafsiri madodoso ya afya, leo niongelee hii kazi ya kurudisha tafsiri kwenye Kiingereza maana imeniuma. Tulikuwa na PHQ-9, yale maswali 9 ya kupima sonona, yanauliza hali yako kwa wiki 2 zilizopita na kila jibu lina alama 0 mpaka 3. Mmoja akatafsiri kwenda Kiswahili, mwingine ambaye hajawahi kuiona ile orijino akarudisha, halafu tukakaa na jedwali la safu tatu tukalinganisha mstari kwa mstari.

Hapo ilitusaidia kweli. Jibu la alama 2 lilikuwa limeandikwa "zaidi ya nusu ya siku", likarudi likiwa na maana ya siku moja, yaani kuanzia asubuhi mpaka mchana umepita hivi! Neno siku halibadiliki, moja ni siku, kumi ni siku, kwa hiyo mtu aliyeumia moyo Jumanne tu kuanzia asubuhi mpaka jioni angejibu ndiyo na kupewa alama 2 za bure. Tukaandika "zaidi ya siku 7 kati ya hizo 14", ikaisha.

Sasa swali la 2 ndio lilitupiga chenga. Mtafsiri alikuwa ameandika "kujisikia chini", likarudi Kiingereza sawasawa na orijino neno kwa neno, tukaweka tiki tukapita. Tulipofika kijijini kufanya majaribio, bibi mmoja akaniuliza, "Chini wapi mwanangu, mgongo au miguu?" Mimi nikanyamaza. Yule aliyerudisha anajua Kiingereza vizuri, alipoona hayo maneno akautambua msemo wa Kiingereza uliojificha ndani, "feeling down", yaani kuwa na huzuni, na akaurudisha kama ulivyo, lakini bibi hana huo msemo, yeye anasikia Kiswahili tu.

Tukabadilisha ikawa "kuwa na huzuni au kukosa raha, au kukata tamaa". Hii iliporudi haikufanana na orijino, na bosi mmoja akataka tuitoe, nikakataa kabisa, kwa sababu maana ipo palepale, kilichobadilika ni maneno.

Kwa hiyo mimi siku hizi kwenye jedwali naongeza safu ya nne. Natafuta watu kama 6 wa aina ile ile watakaohojiwa, wengine wasiojua Kiingereza kabisa, namsomea mtu swali halafu namuomba, "Mama, hapa umeulizwa nini, niambie kwa maneno yako." Simuulizi kama ameelewa, maana kwa heshima atasema ndiyo tu. Alichosema nakiandika kama kilivyo, na wawili wakitoka nje ya maana swali linaandikwa upya hata kama lilirudi Kiingereza safi, kisha lile tu lililobadilika napeleka kwa mtu mwingine wa kurudisha, sio yule wa mwanzo, kwa sababu ameshalizoea dodoso.