Mkono wa kushoto ndio mahali: kufundisha "across" na "through"

Watoto wa Gredi ya Nne ninaowafundisha Kiingereza hapa Nairobi hawahangaiki sana na "into" na "onto". Nakunja kiganja cha kushoto kama kikombe, vidole viwili vya mkono wa kulia vinatembea hewani na kutumbukia humo: "into". Nakinyoosha kiganja, vidole vinatua juu yake: "onto". Wanashika upesi. Kazi ipo kwenye "across" na "through", kwa kuwa yote mawili yanamtoa mtu upande huu na kumfikisha upande wa pili.

Kwa "across", kiganja cha kushoto kinalala bapa na vidole vinatembea juu yake kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa "through", gumba na kidole cha shahada vya mkono wa kushoto vinafanya tundu, kisha kidole cha mkono wa kulia kinapenya na kutokea ng'ambo. Waelekeze watazame mkono wa kushoto, maana ndio mahali penyewe. Wa kulia ni msafiri tu, na kila mara anatoka upande huu kwenda upande wa pili. Swali ni moja: msafiri yuko juu ya eneo lililo wazi, au amezungukwa?

Kwenye ubao, usichore mraba unaokatwa na mshale. Ukitazamwa kutoka juu, mchoro huo unafaa maneno yote mawili, na mtoto atabahatisha. Chora kama mtu anayetazama kutoka kando. Piga mstari wa ardhi, mshale uupite kwa juu: hiyo ni "across". Kwenye mstari uleule ongeza miti mbele na nyuma ya mshale, au kuta na paa: sasa ni "through".

Mfano ninaoupenda ni uwanja wa shule. Nyasi zikiwa zimefyekwa, "We walked across the field." Mvua ya masika ikinyesha na nyasi zikafika kiunoni, "We walked through the grass." Uwanja ni uleule, kilichobadilika ni kwamba sasa nyasi zinamzunguka mtu. Baada ya hapo hawakosei wakiambiwa wavuke Uhuru Highway ("across") au wapite msitu wa Karura ("through").

Kupima, soma sentensi wao wakifanya ishara huku wamefumba macho. Usipofanya hivyo, nusu ya darasa itaiga mikono ya jirani nawe utadhani wameelewa. Kisha geuza: wewe fanya ishara kimya, wao waseme sentensi nzima, si neno moja.

Ishara hizi zina mpaka wake, na utaugundua kwenye vyombo vya usafiri. Abiria wa basi yumo ndani kabisa, kwa hiyo mkono wa kikombe utamfanya mtoto aseme "get into the bus", ilhali Waingereza husema "get on" au "get onto the bus", na "get into" wanaiachia gari dogo. Hapo weka mikono chini na uwafundishe sentensi hizo kama zilivyo, siku nyingine.