Mstari uliokatika, mzima, na mistari miwili: upi unakuhusu na lini unaruhusiwa kuuvuka

Swali: "Wakuu, njia ya Tabora–Kigoma nakuta katikati ya barabara mistari miwili, mmoja mzima mwingine umekatika. Hapo naruhusiwa kuovateki au la? Na nikianzia kwenye uliokatika, mzima ukaanza kabla sijarudi upande wangu, nina kosa?"

Mkuu, inategemea umetokea upande gani. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kati ya ile miwili wa kwako ni ule wa kushoto, ulio karibu na gari lako. Wa kulia ni wa anayekuja mbele yako. Wa kwako ukiwa umekatika, unaruhusiwa kuvuka yote miwili, kumpita wa mbele na kurudi. Wakati wa kurudi utaukanyaga tena ule mzima, na hilo halina shida. Wa kwako ukiwa mzima, huovateki, hata kama wa jirani umekatika na mwenzako anayetoka huko anapita bila wasiwasi.

Na swali lako la pili: ndiyo, ni kosa. Ruhusa ya mstari uliokatika inaishia pale mzima wa upande wako unapoanza. Kufikia hapo matairi yako yote yawe yamesharudi kushoto. "Afande, nilianzia kwenye uliokatika" ni utetezi ambao matrafiki wameusikia sana, na haumtoi mtu.

Ukijua kwa nini mistari inachorwa hivyo, hutahitaji kukariri. Anayechora anauliza kitu kimoja: dereva akiwa hapa, anaona mbele umbali gani? Chukua kilima cha kawaida kama vile vya upande wa Kasulu. Anayepanda haoni ng'ambo ya kilele, kwa hiyo upande wake mstari ni mzima. Akishavuka kilele na kuanza kushuka, bonde lote linafunguka mbele yake, na upande wake mstari unakatika. Lakini pale pale anaposhuka yeye, kuna mwingine anayepanda kuelekea kilele kile kile bila kuona, kwa hiyo wa huyo unabaki mzima. Ndiyo maana unakuta miwili isiyofanana. Pale kileleni penyewe, au kwenye kona kali ambayo pande zote mbili hakuna anayeona, yote miwili huwa mizima. Kwenye tambarare, mfano ukitoka Tabora kuelekea Urambo, utakwenda muda mrefu na mstari mmoja uliokatika, maana kila mtu anaona mbali.

Uliokatika usikudanganye lakini. Unasema kwamba mahali hapo panaonekana, hausemi kwamba mbele hakuna gari. Watu wengi wanajikaanga hapa, na tatizo ni hesabu.

Tufanye mfano. Lori refu la mita 18 liko mbele yako, linakwenda kilomita 60 kwa saa. Wewe una gari dogo, unataka kulipita kwa 80. Unaanza ukiwa mita 20 nyuma yake, na unatakiwa urudi kushoto ukiwa umeliacha mita 20, usije ukalichomekea dereva akakanyaga breki. Jumlisha: 20, na 18 za lori, na 20 nyingine, na kama 5 za gari lako. Ni mita 63 ambazo unatakiwa kumzidi. Tofauti ya mwendo wenu ni kilomita 20 kwa saa, yaani mita 5 na nusu hivi kila sekunde. Kwa hiyo utakaa upande usio wako sekunde 11 na ushee. Katika muda huo wewe mwenyewe unakuwa umekwenda mita 250. Basi linalokuja mbele kwa 80 nalo limekula mita 250 zake. Hapo tayari ni mita 500, na mnakutana pua kwa pua sekunde ile ile unayorudi kushoto. Ukitaka pumzi kidogo, hesabu mita 600 ziwe wazi, na huo mstari uliokatika usiishe ndani ya mita 250 za kwako. Ukiona mstari mzima unaanza mita 150 mbele, usitoke kabisa, hata kama barabara ni nyeupe.

Lori likiwa linajikongoja mlimani kwa 30, hesabu inapungua sana, na hapo ndipo kishawishi kilipo: mstari ni mzima, lori linatambaa, nyuma foleni inapiga honi. Mwendo mdogo wa aliye mbele hauondoi mstari mzima. Dereva wa lori akikuwashia indiketa au kukupungia mkono upite, huo ni wema wake tu. Yeye si trafiki, na kitakachotokea ng'ambo hakibebi yeye.

Baiskeli ndizo zinazowachanganya watu zaidi huku kwetu. Mtu amebeba magunia mawili ya mkaa, upana wake karibu mita moja. Njia yako ina mita tatu na kidogo, gari lako lina kama moja na robo tatu. Ukijibana bila kugusa mstari, unamwachia chini ya nusu mita, na upepo wa gari unaweza kumyumbisha. Kwa hiyo kwenye mstari mzima unamfuata taratibu nyuma mpaka ashuke pembeni au mstari ukatike. Kukanyaga mstari kwa tairi moja pia ni kuuvuka, usijipe moyo na "nusu tu".

Sasa lini unaruhusiwa kuuvuka mzima? Ukiwa mmoja, unakataza kuovateki, lakini unaweza kukata kulia kuingia kwenye barabara ya pembeni, kituo cha mafuta au nyumbani kwa mtu, ukishahakikisha anayekuja yuko mbali. Ikiwa miwili yote mizima, ichukulie kama ukuta: usiovateki, usikate kulia katikati yake, usigeuze gari. Endelea mbele mpaka penye makutano ambapo huwa wameikata, ugeuzie hapo.

Inabaki hali ya gari lililoharibika. Ukikuta majani yametandazwa barabarani na lori limekufa kwenye kona, huko si kuovateki, ni kukwepa kizuizi kilichosimama. Simama kwanza nyuma, mbali kiasi cha kuona kulia kwake. Kama kuna bega la barabara la kutosha kushoto, pita huko. Kama hakuna, shusha utingo au abiria atembee hadi mahali anapoona pande zote mbili, asimamishe wanaokuja, kisha pita kwa gia ya kwanza au ya pili na urudi mara moja. Kinachoua hapo ni wale watatu au wanne wanaofuata mkia wako bila kuangalia, kwa kuwa ishara ya utingo ilikuwa ya gari lako peke yake. Kila gari lisubiri kuitwa.

Na pale rangi ilipofutika au udongo umeifunika, tafuta kibao cha kuzuia kuovateki. Kibao nacho kikikosekana, rudi kwenye zile mita 600. Usipoziona zote, hesabu kwamba mstari wako ni mzima.